Siagi, Majarini na Harusi ya Mama Mukwe

Mama mukwe wangu alikuwa na meno sita alipotutangazia kwamba anaolewa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Manne yalikuwa juu na mawili chini, na alisema hayajawahi kukutana tangu mumewe afariki.

Alitutangazia siku ya Jumapili, baada ya misa, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yetu ya matofali katika kambi ya wafanyakazi, Élisabethville. Alikuwa amekuja kwa treni kutoka Kambove kuwaona wajukuu, akisema atakaa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wake wa tatu kwetu. Mume wangu alidhani mama yake anawapenda sana wajukuu. Mimi, niliyekuwa nyumbani mchana kutwa, nilikuwa nimeshaona kwamba mzee anayetuletea kabichi kutoka bustani yake ya Naviundu amezidisha safari. Zamani alikuja mara moja kwa wiki. Tangu mama mukwe afike, alikuja hata siku ambazo kabichi za juzi zilikuwa bado kwenye kikapu.

Mzee huyo alikuwa mjane, mstaafu wa reli, mrefu na mwembamba, mwenye kofia ya kazi ambayo aliivua kila alipomsalimu mwanamke. Miaka yake yote alikuwa amefunga breki za mabehewa. Siku hizi alifuga bata na kulima mboga kando ya mto.

"Mama," mume wangu alisema, "unaolewa na miaka yako hii?"

"Na miaka yangu hii njo nimejua kuchagua," mama yake akamjibu.

 Mume wangu alikuwa mpishi katika nyumba ya injinia mmoja wa Kibelgiji huko mjini, na kwa Wazungu jina lake lilitajwa kwa heshima na mabibi waliotamani kumnyang'anya. Mezani pake palipita supu, samaki wa mchuzi mweupe, keki za orofa mbili. Nyumbani hakugusa hata kijiko. Alifika jioni, akavua viatu, akangojea bukari, ugali wetu, kama mwanaume mwingine yeyote wa kambi. Lakini aliposikia neno harusi niliona mgongo wake unanyooka.

"Basi gato, keki ya harusi, nitafanya miye," alisema.

"Hapana," mama yake akasema. "Gato atafanya bibi yako." Alinielekeza mimi kwa kidole.

"Mama! Miye njo mupishi!"

"Wewe unapikia Bwana na Madame. Huyu mutoto ananipikia miye. Anajua meno yangu."

Nilitazama chini ili mume wangu asione uso wangu. Nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja. Kweli nilikuwa nikienda kwenye fwaye, nyumba ile ambapo masista waliwafundisha wanawake wa kambi kushona, kuosha watoto na kuoka. Sista mmoja mnene, tuliyemwita masera, mwenye mikono myekundu ya mtu aliyekulia shambani, alikuwa ametufundisha keki moja na biskuti za aina moja. Keki iliitwa robo nne, kwa kuwa unga, sukari, mayai na siagi vyote vina uzito mmoja. Mahali pa siagi, masera alituwekea majarini, maana ndiyo iliyopatikana siku zote katika kantini ya kambi. Hayo tu ndiyo niliyoyajua. Siagi yenyewe nilikuwa nimeiona mara chache kuliko nilivyomwona askofu.

Harusi ilipangwa baada ya wiki tano, mwezi wa kumi. Mama mukwe alitaka kuonja kila Jumamosi hadi atakapotosheka.

*

Jumamosi ya kwanza nilifanya biskuti za masera bila kubadilisha kitu. Fundi wa bati wa mtaa wetu alikuwa amenitengenezea sanduku la kuokea kutokana na debe. Liliketi juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na juu yake niliweka makaa mengine ili moto utoke pande zote mbili. Nilipiga majarini na sukari mpaka ikawa nyeupe na nyepesi, nikaweka yai, unga, nusu kijiko cha chumvi. Niliviringa madonge madogo na kuyabonyeza kwa uma.

Zilitoka za rangi ya mchanga, laini katikati, zimetanuka kidogo na mistari ya uma imebaki kama kumbukumbu tu. Mama mukwe alikula mbili, polepole, akiziviringisha mdomoni.

"Iko muzuri," alisema. "Inalala vizuri kwa ulimi. Lakini haina harufu. Ni kama muntu mupole sana."

Mume wangu alichukua moja, akaivunja, akainusa kabla ya kuila.

"Majarini," alisema, akaiweka chini.

Alitamka neno hilo kama daktari anayetaja ugonjwa. Nilimwambia kwamba kama ana kitu kingine akilete. Lakini katika nyumba ile ya injinia kila kitu kilihesabiwa kwa macho, na mume wangu hakuwa mtu wa kutoka na kitu mfukoni.

Jumamosi ya pili kantini ilikuwa na siagi ya kopo, ile iliyosafiri kwa meli na treni kutoka mbali, imetiwa chumvi nyingi ili isioze njiani. Nilinunua kopo moja, nikalifungua, na harufu ikanijaa puani: maziwa, chumvi, na kitu kama majani makavu. Nikasema moyoni, sasa nitamwonyesha. Nilifuata maelezo ya masera neno kwa neno. Kijiko, kikombe, yai, unga, na ile nusu kijiko cha chumvi.

Ndiyo, na chumvi pia. Sikufikiria. Masera alikuwa ameiandika chumvi kwa ajili ya majarini yake, maana ile ya kantini yetu haikuwa na chumvi ya kuhisi. Siagi ya kopo ilikuja na chumvi yake tayari.

Mama mukwe aliuma, akasimama, akaenda kwenye mtungi wa maji.

"Mwanangu," alisema alipomaliza kikombe cha pili, "umetaka kunihifadhi miye, ama samaki?"

Watoto wakacheka mpaka wakalala chini. Mume wangu hakucheka kwa sauti, lakini mabega yalimcheza. Nilikuwa karibu kulia. Hapo ndipo mzee wa kabichi alipofika, akavua kofia, akakaribishwa kwa heshima zote, akawekewa sahani mbele yake kabla sijawahi kuiondoa.

Alikula moja. Akatulia. Akala nyingine. Akala ya tatu.

"Binti yangu," aliniambia, "hizi njo biskuti. Zingine zote ni sukari tu. Hii inasema na muntu."

"Muzee, chumvi haikuzidi?" nilimuuliza.

"Chumvi gani? Miaka yote ile kwa treni, jasho inatoka, tunakula samaki ya chumvi na bukari. Hii iko sawa kabisa."

Mama mukwe alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani siku ile aligundua kitu kuhusu upishi wa ndoa yake mpya. Mzee alimaliza sahani nzima, zote isipokuwa ile ambayo mchumba wake alikuwa ameuma.

Jioni ile, watoto walipokwenda kucheza, mume wangu alisimama mlangoni mwa jiko langu la nje. Nilikuwa nakwangua kopo.

"Siagi iliyobaki, leta," alisema.

Nilimpa. Aliitia ndani ya bakuli la maji baridi, akaanza kuikanda kwa mwiko wa mbao, akiibonyeza na kuifungua, akiibonyeza na kuifungua. Maji yakawa meupe. Akamwaga, akatia mengine. Mara ya tatu akanipa kidole chenye siagi nionje. Chumvi ilikuwa imepungua sana, haikwisha, lakini ilikuwa imekaa nyuma.

"Haitoki yote," alisema. "Lakini ile ya maelezo unaiacha. Usiweke tena. Ukiwa na siagi ya chumvi, chumvi yako imekwisha kuingia."

Tangu tuoane, miaka saba, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mume wangu ameshika mwiko katika jiko langu. Sikusema neno. Niliogopa nikisema atakumbuka yuko wapi.

*

Wiki ya tatu kantini haikuwa na siagi wala majarini. Kulikuwa na makopo ya mafuta meupe tu, yale magumu ya mimea ambayo wanawake wa kambi tuliyatumia kukaangia vitumbua. Hayana rangi, hayana harufu, yanasimama kwenye kijiko hata jua la mwezi wa kumi likiwa juu ya kichwa. Nilinunua, kwa sababu mama mukwe hakukubali Jumamosi ipite bure.

Biskuti zilinishangaza. Hazikutanuka hata kidogo. Zilikaa kwenye bati kama nilivyoziweka, ndefu, nyeupe, mistari ya uma imesimama wima kana kwamba nimeichora dakika ile. Nilidhani hazijaiva. Nilipozichukua, moja ikavunjika mkononi mwangu ikawa unga.

Mama mukwe aliweka moja mdomoni, akafunga midomo. Nikamwona anasubiri. Hakutafuna. Macho yake yakafunguka.

"Imekwenda," alisema.

"Imekwenda wapi, mama?"

"Haiko tena. Sikuuma hata. Imeyeyuka yenyewe." Akachukua nyingine. "Mwanangu! Hii njo ya miye. Hii haiombi jino."

Alikula tano. Mume wangu alionja, akatafakari, akakubali kwamba imevunjika vizuri kweli, laini kama mchanga wa mto, lakini akasema haina ladha, na kwamba inaacha kitu kinachonata juu ya mdomo. Alisema kweli, nami nilikihisi kitu hicho kwenye kaakaa, kama nta nyembamba.

Nilivyofurahi kwa zile biskuti, nikajaribu na keki ya robo nne siku ileile. Nilipima uzito uleule, mafuta meupe mahali pa majarini. Yalipigika vizuri ajabu, yakajaa hewa kama povu la sabuni, nikasema keki hii itagusa mfuniko. Ilipanda kweli. Lakini tulipoikata ilikuwa na mafuta ya kupaka vidole na bado ikakwama kooni, na ladha yake ilikuwa ya sukari na ukimya. Hata watoto waliacha.

Jumatatu nilimpelekea masera kipande katika karatasi. Alikipapasa, akakinusa, akacheka.

"Mama, umeweka uzito sawa?" aliniuliza.

"Ndiyo, masera. Robo nne."

"Basi imekuwa zaidi ya robo. Sikia. Siagi ina maji ndani yake, na majarini pia. Haya meupe ni mafuta matupu. Ukiyaweka kwa uzito uleule, umeongeza mafuta na umenyima keki maji. Punguza mafuta, sehemu moja kati ya tano. Ongeza maziwa vijiko viwili vitatu. Na chumvi, mama, chumvi kidogo, kwa sababu ndani yake hamna kitu chochote."

Nilimuuliza kipi kilicho bora kati ya vyote. Alifikiri, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya kanzu.

"Kwetu shambani, siagi," alisema. "Lakini mama yangu alikuwa na pishi la chini ya nyumba, baridi kama kaburi. Wewe una pishi?"

Sikuwa na pishi. Sikuelewa kwa nini aliniuliza, mpaka Jumamosi iliyofuata.

*

Ijumaa ya wiki ya nne mume wangu alirudi akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Madame wake alikuwa amesikia kwamba mama wa mpishi anaolewa, akafurahi sana, akampa zawadi: siagi safi, isiyo na chumvi, kutoka kwa mfugaji wa ng'ombe nje ya mji, imefungwa kwa karatasi ya mafuta na kitambaa chenye maji. Alimwahidi na nyingine kwa siku ya harusi. Mume wangu aliifungua mezani mbele ya mama yake kama anayefungua kitabu cha misa.

"Onja," alisema.

Tulionja wote, kwa ncha ya kisu. Ilikuwa tamu bila sukari. Mama mukwe alisema inamkumbusha harufu ya maziwa shingoni mwa mtoto mchanga.

"Kesho gato nafanya miye," mume wangu alisema. "Kuonja tu. Bibi yangu atatazama."

Mama yake hakukataa. Nami niliketi kwenye kigoda, nikatazama. Alivaa aproni nyeupe aliyokuja nayo kutoka kazini. Alianza saa nane mchana, jua likichoma mabati, jiko langu likiwa moto kama ndani ya sanduku la kuokea. Siagi ilikuwa imelala juu ya meza tangu asubuhi. Alipoitia ndani ya bakuli ilikuwa inang'aa, nusu yake mafuta ya kumiminika. Aliipiga na sukari. Aliipiga tena. Mikono yake ilikuwa mizuri kutazama, myepesi, mviringo uleule kila mara. Lakini siagi haikuwa nyeupe wala nyepesi. Ilizunguka tu kama uji. Mayai yalipoingia, mchanganyiko ukakatika, maji upande huu na mafuta upande ule.

 Jasho lilimdondoka kwenye kidevu. Aliendelea hadi mwisho, akaoka.

Keki ilitoka chini, nzito, na mstari wa mafuta chini yake. Lakini harufu! Watoto wa nyumba tatu walikuja kusimama uani. Ladha ilikuwa nzuri kuliko kila kitu nilichokuwa nimefanya kwa mwezi mzima. Ilikuwa na rangi ya dhahabu nyeusi kwenye kingo, ambayo majarini haikunipa kamwe, wala mafuta meupe hata kidogo. Mama mukwe alitafuna, akatafuna, akachoka.

"Ladha iko ya mbinguni," alimwambia mwanawe. "Lakini nitafika nayo mbinguni kabla haijaisha kinywani."

Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye jiwe, aproni imekunjwa magotini.

"Kule kwa Madame inapanda," aliniambia. Hakunitazama. "Kila siku inapanda. Sijui nimefanya nini."

Nikakumbuka pishi la mama yake masera.

"Kule siagi inatoka wapi?" nilimuuliza.

"Kwa frigo," alisema, yaani lile kabati la baridi la Madame.

"Inatoka ngumu?"

"Ngumu. Naiacha kidogo, mpaka kidole kinaingia. Halafu napiga."

"Na hapa ilikuwa maji, baba. Hewa itashika wapi katika maji? Majarini ya kantini inasimama hata na joto hili, ndiyo maana yangu inapanda. Siyo mikono yako. Ni frigo."

 Akaanza kucheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akashika tumbo.

"Miaka kumi," alisema, "nilizani miye njo mupishi. Kumbe frigo njo mupishi!"

Nami nikacheka, tukacheka wote wawili kule nyuma ya nyumba hata mama yake akauliza kuna nini. Kipande cha siagi kilichobaki kilichacha kabla ya Jumatano. Hata hilo tulilijua tangu siku ile: ya chumvi inaweza kungoja, isiyo na chumvi haingoji.

*

Kwa siku ya harusi tulifanya mipango kama majenerali. Siagi ya Madame ilifika Ijumaa jioni. Mume wangu aliitia ndani ya sufuria yenye mfuniko, akaiweka ndani ya mtungi mkubwa wa udongo uliojaa maji, akaufunga mtungi kwa gunia lililoloweshwa, pembeni mwa mlango ambapo upepo unapita. Alfajiri, kabla ya king'ora cha kazi, kabla ya jua kugusa mabati, aliniamsha. Aliweka kidole juu ya siagi. Kidole kikaingia polepole.

"Sasa," alisema.

Alipiga yeye. Mimi nilitia mayai moja moja, nikapepeta unga, nikatia chumvi ya ncha ya vidole, kwa kuwa siagi hii haikuwa na yake, na bila chumvi utamu unalala. Siagi ikawa nyeupe kama pamba. Sikuwahi kuiona hivyo. Keki tatu zilipanda katika sanduku la debe, moja baada ya nyingine, na nilikuwa mimi niliyejua makaa, wakati wa kuongeza na wakati wa kuondoa, kwa sababu moto wa mbabula si moto wa jiko la Madame na yeye aliuogopa.

Biskuti nilizioka mimi peke yangu siku moja kabla. Za bibi harusi zilikuwa za mafuta meupe, nimepunguza kipimo kama masera alivyosema, na nimeongeza maziwa na kijiko kikubwa cha siagi ya kopo, iliyokuwa imerudi kantini wiki hiyo, ili kinywa kipate kitu cha kukumbuka. Hazikupoteza ulaini wake. Za bwana harusi na za wageni zilikuwa za siagi ya kopo peke yake, bila kuoshwa. Katika zile za wageni sikutia chumvi ya maelezo. Mzee nilimwekea sahani yake mbali, na katika za humo niliitia yote.

Ilibaki krimu. Mume wangu alitaka ya siagi na sukari ya unga, kama mjini. Tulipaka keki ya chini saa mbili asubuhi, ikapendeza. Saa tatu ilikuwa inateremka ubavuni kama mtoto anayeteleza kwenye kichuguu. Alinitazama. Nikachukua kopo la mafuta meupe.

"Hapana," alisema. "Watakula mushumaa."

"Nusu kwa nusu," nilisema. "Siagi itoe ladha, hii isimamishe."

Alikwangua krimu yote, akairudisha bakulini, akatia mafuta meupe, akapiga, akatia vanila na chumvi kidogo. Akaonja. Akaonja tena. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi, lakini alinipa kijiko nikilambe, na kwa mume wangu hilo lilikuwa tamko.

Baada ya misa watu walijaa uani chini ya kibanda cha matawi ya mkaratusi. Jakaranda za barabarani zilikuwa zimechanua, na watoto walileta maua yake ya zambarau mikononi wakayamwaga mezani hata yakaingia kwenye munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Joto lilikuwa kali, kola za wanaume zililegea, lakini keki ilisimama, orofa tatu, nyeupe, haikutoa jasho. Masera alikuja na wenzake wawili. Aliizunguka keki mara mbili, akanong'ona sikioni mwangu:

"Mama, pishi umelipata wapi?"

"Mtungini, masera," nilimjibu.

Bibi harusi alikata, akala kipande cha kwanza kwa heshima ya mwanawe. Kilikuwa laini, akakimaliza chote, akafuta macho. Halafu, bila aibu yoyote, akavuta sahani yake ya biskuti karibu na kifua. Mzee upande wake alikuwa tayari kwenye biskuti yake ya sita. Wanawake wa fwaye walinizunguka wakitaka kujua ni mafuta gani, kiasi gani, lini chumvi na lini hapana, wote wakiongea kwa mpigo. Jirani mmoja akamgeukia mume wangu.

"Mupishi, gato hii umefanya wewe?"

Nilimwona anavuta pumzi. Mgongo wake ukanyooka, kama siku ile ya kwanza.

"Bibi yangu njo amefanya," alisema. "Miye nilipiga siagi tu."

Ngoma ikaanza. Mama mukwe alicheza viatu mkononi. Mume wangu alicheza na mimi, mbele ya mama yake, mbele ya masera, na nguo zetu zote mbili zilikuwa bado zina unga.

Kabla jua halijazama lori la rafiki wa reli lilikuja kuwachukua maharusi kwenda Naviundu. Tulimpandisha mama mukwe mbele, kando ya dereva, na mzee akabanwa karibu naye mlangoni. Nilimpa mama mukwe kopo kubwa lenye biskuti zake zilizobaki. Alilipakata magotini kwa mikono miwili. Lori lilipowashwa alifungua mfuniko, akamtilia mumewe moja mdomoni, akamtazama usoni akisubiri. Mzee alitafuna, akaitikia kwa kichwa kwa adabu.

"Iko muzuri," alisema. "Lakini chumvi iko wapi?"

Mama mukwe akacheka mpaka meno yote sita yakaonekana, akafunga kopo, na lori likaondoka.